Slaidi ya KPI: lini utumie donati, lini buleti, na rangi kiasi gani

Nambari ambayo nimeiona ikizua mabishano mengi kuliko zote ni 68%. Mwisho wa Septemba timu imepata wateja wapya 816, na lengo la mwaka mzima ni 1,200. Gawanya, unapata 68%. Mtu wa kwanza anaipaka nyekundu kwa sababu iko mbali na mia. Wa pili anaipaka njano kwa sababu "si mbaya sana". Wa tatu anasema ni kijani, maana mwaka haujaisha. Wote watatu wanatazama nambari moja, na hakuna hata mmoja anayeweza kuthibitisha kwamba yuko sahihi, kwa kuwa slaidi haisemi mahali tulipopaswa kuwa leo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua PowerPoint, tafuta hiyo nambari ya pili. Tuifanye kwa mfano mmoja mpaka mwisho. Timu yetu ina viashiria vinne: wateja wapya, mikataba iliyohuishwa, maombi ya wateja yaliyojibiwa ndani ya saa 24, na wafanyakazi waliomaliza mafunzo. Ripoti ni ya mwisho wa Septemba.

Lengo la leo, si lengo la Desemba

Viashiria viwili kati ya hivyo vinajumlishwa mwaka mzima, yaani wateja wapya na mafunzo. Miezi tisa kati ya kumi na miwili ni 75% ya mwaka. Kama kazi inakwenda kwa kasi ile ile kila mwezi, wateja waliopaswa kupatikana mpaka sasa ni 900, na 816 ni karibu 91% ya hao. Hiyo si nyekundu.

Lakini kazi haiendi kwa kasi ile ile kila mwezi. Angalia rekodi za mwaka jana: kama wateja 70 katika kila 100 waliingia mpaka mwisho wa Septemba na waliobaki wakaja robo ya mwisho, basi lengo la leo ni 840, na 816 ni 97% yake. Tumepita kwenye 68, 91 na 97 bila mteja hata mmoja kuongezeka au kupungua. Ndiyo maana nasema kazi kubwa ya slaidi hii inafanyika kwenye jedwali, kabla chati haijachorwa. Hapa nitatumia 900, kwa sababu ndiyo hesabu ambayo msikilizaji anaweza kuirudia kichwani, lakini ukiwa na rekodi za miaka miwili au mitatu, tumia mgawanyo wa msimu na uandike chini ya chati kwamba umeutumia.

Viashiria vingine viwili ni viwango. Mikataba iliyohuishwa imefika 92% na lengo ni 90%. Majibu ndani ya saa 24 ni 78% na lengo ni 95%. Viwango havingoji mwisho wa mwaka: lengo la leo na la Desemba ni lile lile. Mafunzo yalipaswa kufika watu 180, na waliomaliza ni 176.

Jambo la mwisho la jedwali ni mpaka wa "nyuma". Kwetu, kiashiria kilicho chini ya 85% ya lengo lake la leo kiko nyuma na kinadai uamuzi. Kati ya 85 na 100 kiko karibu. Mipaka hii ikubaliwe na wenye viashiria kabla matokeo hayajaingia. Ukiiweka baada ya kuona matokeo, kila mtu atapata sababu nzuri ya kuusogeza mpaka wake.

Donati ina kazi moja tu

Donati inafaa pale unapokuwa na kiashiria kimoja, peke yake, ambacho kwa asili yake hakiwezi kuzidi mia: vituo vilivyounganishwa kati ya vyote, kurasa zilizohakikiwa kati ya zote. Hapo duara linasema ukweli, kwa kuwa kuna kitu kizima na sehemu yake imekamilika.

Kuitengeneza hakuna shida. `Insert` > `Chart` > `Pie` > `Doughnut`. Kwenye jedwali acha safu mbili tu, iliyokamilika na iliyobaki. Futa kichwa na ufunguo wa rangi. Bofya pete, nenda `Format Data Series`, hakikisha `Angle of first slice` ni 0 ili pete ianzie juu kama saa, na uweke `Doughnut Hole Size` kati ya 70% na 80% ili nambari ipate nafasi katikati. Sehemu iliyobaki iwe kijivu hafifu bila mpaka.

Mitego yake ndiyo inayostahili maelezo. Wa kwanza ni pale lengo linapozidiwa. Tuseme umefika 108%, na kiseli cha "iliyobaki" kinahesabu 100 kutoa 108. Jibu ni hasi 8. Donati haijui kuchora hasi, kwa hiyo inaichora kama 8 ya kawaida. Matokeo yake pete inajaa kwa 108 kati ya 116, yaani 93%. Umevuka lengo, na slaidi inaonyesha hujafika. Unaweza kuizuia kwa fomula hizi, hali halisi ikiwa kwenye D2 na lengo kwenye E2, lakini hapo pete itasimama kwenye mia na ziada yako haitaonekana kabisa:

```
B2: =MIN(100, D2/E2*100)
B3: =100-B2
```

Mtego wa pili ulinipata mimi mwenyewe. Nambari ya katikati ya pete kwa kawaida ni kisanduku cha maandishi kilichowekwa juu ya chati, na hakina uhusiano wowote na jedwali. Asubuhi ya kikao nilipokea takwimu mpya, nikabadilisha jedwali, pete ikasogea, nikashukuru Mungu nikaenda. Katikati ya pete iliyojaa 61% paliendelea kuandikwa 68%. Mkuu mmoja aliyekaa mbele aliitazama kwa muda, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa tuamini ipi?" Kikao hakikurudi tena kwenye mada. Tangu siku hiyo, ukinikuta na donati, kubadilisha kisanduku cha katikati nimekuandika kama hatua ya lazima kwenye maelezo ya mzungumzaji.

Wa tatu ni donati nne zilizopangwa mstari mmoja. Zinapendeza, sikatai. Lakini mwambie mtu aseme ipi imejaa zaidi kati ya ya 68 na ya 73 bila kusoma nambari, utaona macho yanavyohangaika. Cleveland na McGill walilipima jambo hili mwaka 1984: watu hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyowekwa kwenye kipimo kimoja kinachoanzia mahali pamoja kuliko wanavyolinganisha pembe. Donati nne ni vipimo vinne vilivyokunjwa.

Viashiria vyetu ni vinne, kimoja tayari kimezidi lengo, na kila kimoja kinahitaji alama ya mahali kilipopaswa kuwa. Donati imeshindwa kwa kila sababu.

Buleti: pau, ukanda na mstari wa lengo

Chati ya buleti ilibuniwa na Stephen Few ili kuchukua nafasi ya zile saa za mshale zilizojaa kwenye dashibodi. Ina pau nyembamba inayoonyesha hali halisi, mstari mfupi wa wima unaoonyesha lengo, na nyuma yake ukanda mpana uliogawanywa kwa weusi na weupe wa rangi moja. Kuhusu huo ukanda Few alikuwa na msimamo tangu mwanzo: rangi iwe moja, kinachobadilika kiwe ukolezo wake. Wengi huuvunja msimamo huo siku ya kwanza kwa kuweka nyekundu, njano na kijani nyuma, kisha pau yenyewe inapotea.

PowerPoint haina buleti kwenye orodha yake ya chati, kwa hiyo tutaijenga kwa pau zilizorundikwa. Chagua `Insert` > `Chart` > `Bar` > `Stacked Bar`. Jedwali la mfano litafunguka likiwa na safu wima tatu za data. Vuta kona ya eneo la chati mpaka lifike safu G, kisha jaza hivi:

```
A          B       C       D      E     F     G
           Dhaifu  Karibu  Lengo  Juu   Sawa  Nyuma
Mafunzo    85      14.5    1      19.5
Majibu     85      14.5    1      19.5
Mikataba   85      14.5    1      19.5
Wateja     85      14.5    1      19.5
```

Safu B mpaka E ni ukanda wa nyuma, na jumla yake ni 120. Safu D, yenye upana wa 1, ndiyo mstari wa lengo: inaanzia 99.5 na kuishia 100.5. Ni kipande cha chati kama vingine, si mstari uliochorwa kwa mkono juu yake, kwa hiyo ukipanua chati au kuihamisha, mstari unabaki mahali pake. Mistari ya kuchora kwa `Shapes` huteleza, na mtu wa kwanza kugundua huwa si wewe.

Safu mlalo zimeandikwa kinyume kwa makusudi. Chati ya pau huweka safu ya kwanza ya jedwali chini kabisa, hivyo Wateja watatokea juu. Na ukishaupanga mpangilio, usiubadilishe kila mwezi. Watu huzoea mahali pa kiashiria chao.

Takwimu zenyewe ziweke nje ya eneo la chati: hali halisi kwenye safu I, lengo la leo kwenye safu J. Kisha safu F na G zijazwe na fomula, ukianzia mlalo wa pili na kuivuta chini:

```
F2: =IF(I2/J2>=0.85, I2/J2*100, 0)
G2: =IF(I2/J2<0.85, I2/J2*100, 0)
```

Kila kiashiria kitaangukia safu moja tu, "Sawa" au "Nyuma", na nyingine itakuwa sifuri. Wateja inapata 90.7, mikataba 102.2, mafunzo 97.8, zote kwenye F. Majibu inapata 82.1, na inakwenda G. Sababu ya kuzitenganisha utaiona tukifika kwenye rangi.

Sasa bofya kulia kipande cha "Sawa", chagua `Format Data Series`, na chini ya `Series Options` weka `Secondary Axis`. Fanya vivyo hivyo kwa "Nyuma". Kama kipande hakikamatiki kwa kipanya, na hiki cha "Nyuma" mara nyingi hakikamatiki kwa kuwa karibu chote ni sifuri, nenda kwenye kichupo cha `Format` na ukichague katika orodha ya kushoto kabisa. Pau zikishahamia mhimili wa pili zitaufunika ukanda. Usishtuke. Kwa mojawapo ya hizo mbili weka `Gap Width` 300%, kwa ukanda weka 40%, na pau itakuwa nyembamba katikati ya ukanda, karibu theluthi ya unene wake. Mstari wa lengo utachomoza juu na chini hata pale pau inapoupita, kama kwenye mikataba.

Hatua inayofuata ndiyo inayoangusha wengi. Chati sasa ina mihimili miwili ya nambari, mmoja chini na mmoja juu, na kila mmoja unajipangia kipimo chake. Bofya wa chini, weka `Minimum` 0 na `Maximum` 120. Bofya wa juu, weka vile vile. Usiruke hata ukiona mhimili wa juu tayari umesoma 120, kwa sababu umefika hapo kwa bahati. Mwezi ambao hakuna kiashiria kitakachovuka lengo, unaweza kujipunguza wenyewe hadi 100, ukanda ukabaki 120, na pau zote zikarefuka bila takwimu kupanda. Utakapojua hitilafu hii ipo ni rahisi kuitambua: pau ya kiashiria kilicho chini ya lengo inagusa mstari wa lengo au kuupita. Mihimili ikishafanana, iweke yote `Label Position` > `None`, kwa maana msikilizaji hahitaji 0, 20, 40. Ondoa pia mistari ya gridi, ufunguo wa rangi na kichwa cha chati.

Majina yabebe nambari halisi

Chati hii inapima kila kitu kwa asilimia ya lengo, na hiyo ina gharama. Mtu akiona pau ya majibu imefika 82 anaweza kudhani wateja 82 kati ya 100 walijibiwa kwa wakati, ilhali ni 78. Kwa hiyo nambari halisi lazima ionekane kando ya pau, na njia isiyochoka ni kuiandika kwa fomula ndani ya jina lenyewe:

```
A3: ="Majibu ndani ya saa 24: "&I3&"% (lengo "&J3&"%)"
A5: ="Wateja wapya: "&I5&" (lengo la leo "&J5&")"
```

Ukibadilisha safu I, jina, pau na rangi hubadilika pamoja. Ule msiba wangu wa 61 na 68 hauwezi kutokea hapa.

Kuna viashiria ambavyo asilimia ya lengo huviharibu kabisa, na ni bora uvitoe kwenye chati. Chukua upatikanaji wa mfumo, lengo likiwa 99.9% na hali halisi 99.0%. Gawanya: umefikia 99% ya lengo, pau inakaribia kugusa mstari, kila mtu anatabasamu. Lakini katika mwezi wa siku 30, lengo liliruhusu mfumo uzime dakika 43 tu, na umezima saa saba na dakika 12. Umezidisha kiasi kilichoruhusiwa mara kumi. Kiashiria cha namna hii kipe buleti yake peke yake, kwa dakika, ambamo pau fupi ndiyo nzuri, na uandike wazi "chini ni bora". Usikichanganye na pau ambazo ndefu ndiyo nzuri. Jicho halibadilishi mwelekeo katikati ya slaidi.

Rangi moja ya kuita

Sasa rangi. Ukanda wote ni kijivu: sehemu ya Dhaifu `BFBFBF`, Karibu `D9D9D9`, Juu `EDEDED`. Mstari wa lengo ni mweusi. Pau za "Sawa" ni bluu iliyofifia karibu na kijivu, `34495E`. Pau ya "Nyuma" ni nyekundu iliyokolea, `B3261E`. Basi. Katika slaidi yetu kitakachoonekana na rangi kali ni kitu kimoja, pau ya majibu ndani ya saa 24, na ndicho tunachotaka kikao kikijadili.

Utaulizwa: kijani iko wapi? Jibu langu ni kwamba kijani haiombi mtu afanye lolote. Pau iliyovuka mstari wa lengo imeshajieleza kwa mahali ilipo. Ukiipaka kijani, na ile iliyo karibu ukaipaka njano, unapata slaidi yenye rangi tatu zinazopiga kelele kwa sauti moja, na ile inayohitaji msaada inakuwa moja tu kati ya nyingi. Hali ya "karibu" nayo haihitaji rangi, kwa kuwa pau inaishia ndani ya ukanda wa kijivu cha kati na kila mtu anaiona.

Kama taratibu za ofisi yenu zinalazimisha taa tatu za barabarani, ziweke kama vidoto vidogo mbele ya majina, kila kimoja na neno lake: "Nyuma", "Karibu", "Sawa". Neno ndilo muhimu. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume mmoja kati ya kumi na wawili hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na kwenye kikao cha watu ishirini huyo mtu pengine yupo, wala hatakwambia. Nyekundu niliyoitaja ina tofauti ya mwanga inayozidi 3:1 dhidi ya kijivu cheusi zaidi cha ukanda, kiwango ambacho WCAG, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, hudai kwa michoro. Nyekundu inayong'aa na njano ya limau hufeli, ya pili hata juu ya karatasi nyeupe.

Ni hapa ndipo zile safu mbili, "Sawa" na "Nyuma", zinapolipa. Njia ya haraka ingekuwa kubofya pau ya majibu mara mbili na kuipaka nyekundu kwa mkono. Lakini rangi ya namna hiyo hushika nafasi, si thamani. Oktoba majibu yakipanda hadi 96%, pau itabaki nyekundu ikiwa imevuka lengo, na wateja wakishuka hadi 70% ya lengo lao, pau yao itabaki bluu ya utulivu. Kwa fomula, kiashiria chenyewe kinahama safu na rangi inakifuata.

Kichwa cha slaidi nacho kiseme kilichoonekana. "Viashiria vya Robo ya Tatu" ni jina la faili. Andika "Majibu kwa wateja yako nyuma, viashiria vingine vitatu viko karibu na lengo au vimelivuka". Chini ya chati, kwa herufi ndogo, mstari mmoja: "Mstari mweusi ni lengo hadi 30 Septemba. Nyekundu ni chini ya 85% ya lengo hilo."

Kabla ya kuituma

Fungua jedwali, badilisha safu I ya majibu kutoka 78 kwenda 96. Pau inapaswa kuvuka mstari mweusi, kugeuka bluu, na jina lisome 96%. Rudisha 78. Badilisha wateja kuwa 700: 700 kwa 900 ni 78%, kwa hiyo pau yao igeuke nyekundu. Weka 1,200: hiyo ni 133%, na pau itakatwa kwenye 120. Hapa uamue. Mimi huongeza mihimili yote miwili na ukanda hadi 140, nikibadilisha safu E iwe 39.5, badala ya kuacha pau ikatike kimya kimya. Rudisha 816, kisha ichapishe kwenye printa ya wino mweusi. Bluu na nyekundu zitakaribiana, na hilo si kosa mradi mwisho wa kila pau bado unaonekana uko upande gani wa mstari. Kama huwezi kuuona, kijivu cha ukanda wako kimekolea mno. Kipandishe weupe ngazi moja na uchapishe tena.